Chipu Iliyofungwa na Gharama ya Kuifungua

Ujumbe wenyewe hauna maneno mengi. Bodi imeunganishwa kwa waya nne, taa yake nyekundu inawaka, umeagiza kompyuta ichome programu mpya, na jibu linakuja papo hapo:

```
Error: stm32x device protected
Error: failed erasing sectors 0 to 10
```

Anayeona maneno haya kwa mara ya kwanza huwa anakimbilia mambo matatu: kubadilisha waya, kulaumu kifaa cha kuchomea, na mwisho kuamini kwamba chipu imekufa. Kumbe waya ni wazima, kifaa ni kizima, na chipu nayo haina ugonjwa wowote. Imefungwa tu. Tena inafanya kazi hasa kama ilivyotengenezwa kufanya.

Bodi tunayoizungumzia ni ile ndogo ya buluu ambayo mafundi na wanafunzi wa elektroniki wanaiita Blue Pill. Imebeba maikrokontrola aina ya STM32F103C8T6 ya kampuni ya STMicroelectronics, kipande cheusi chenye upande wa milimita 7 na miguu 48. Ndani yake mna kichakato, kumbukumbu ya muda ya kilobaiti 20, na kumbukumbu ya fleshi ya kilobaiti 64. Programu hukaa kwenye hiyo fleshi, na haipotei umeme ukizimwa. Nimeichagua kwa sababu ni ya bei ndogo, imeenea, na baadhi ya bodi hizi humfikia mnunuzi zikiwa tayari zimefungwa, hata kama ndani hamna kitu zaidi ya programu ya kupepesa taa.

Kwa nini chipu iwe na kufuli? Kwa sababu programu ni mali. Kampuni inayotengeneza mizani ya kielektroniki au kidhibiti cha pampu inaweza kutumia miaka kuandika programu yake, na bila kufuli mtu yeyote mwenye kifaa cha kuchomea angeisoma yote na kuihamishia kwenye chipu nyingine kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo watengenezaji wa chipu waliweka ulinzi wa kusoma. Ukiwashwa, programu iliyomo inaendelea kukimbia kama kawaida, taa zinawaka, mota inazunguka, ila mtu wa nje aliyekuja na waya hawezi kuiona.

Mtu atauliza: kama ulinzi ni wa kusoma, mbona unanizuia kuandika? Mimi sitaki kusoma cha mtu, nataka kuweka changu. Jibu ni kwamba kuandika ni njia nzuri sana ya kuiba. Mwizi akiruhusiwa kuandika hata ukurasa mmoja wa mwanzo, ataweka hapo kijiprogramu chake, na hicho kijiprogramu, kwa kuwa kinakimbia kutoka ndani ya fleshi yenyewe, kitasoma kurasa zilizobaki na kuzitoa nje baiti moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kwenye chipu hii, ulinzi wa kusoma ukiwashwa, kilobaiti 4 za mwanzo wa fleshi hufungwa zisiandikwe. Programu karibu zote huanzia hapo hapo, kwenye anwani 0x08000000. Na kurasa zilizobaki nazo haziandikiki wala hazifutiki kwa kupitia kifaa cha nje. Tendo moja tu linaruhusiwa kutoka nje: kufuta kila kitu.

Sasa tuangalie kufuli lenyewe liko wapi. Mbali na fleshi ya programu, chipu ina eneo dogo la baiti 16 kwenye anwani 0x1FFFF800. Hizi ni baiti za mipangilio. Huwa zinasomwa na chipu yenyewe kila inapowashwa, kabla programu haijaanza, na ndizo zinazoamua mambo kama vile kurasa zipi haziruhusiwi kuandikwa na kama ulinzi wa kusoma umewashwa. Baiti ya kwanza ndiyo ya ulinzi wa kusoma. Ikiwa na thamani 0xA5, chipu iko wazi. Ikiwa na thamani nyingine yoyote, imefungwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ina mtego. Fleshi ikifutwa, kila baiti inakuwa 0xFF. Kwa hiyo baiti ya ulinzi iliyofutwa si 0xA5 tena, na chipu inajihesabu kuwa imefungwa. Mtu anayefuta baiti za mipangilio akidhani anasafisha kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, kumbe amefunga mlango. Zaidi ya hapo, kila baiti ya mipangilio ina mwenzake aliye kinyume chake: pembeni ya 0xA5 lazima ikae 0x5A. Chipu ikiwashwa inalinganisha hizo mbili, na zisipopatana inachukulia kwamba ulinzi umewashwa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika baiti hizi, kwa mfano kwa sababu waya wa USB umelegea, matokeo yake ni chipu iliyojifunga bila mtu kukusudia. Nadhani sehemu kubwa ya zile hadithi za chipu kujifunga zenyewe usiku zinatoka hapa.

Kabla ya kufungua, hakikisha kwamba tatizo ni kufuli kweli, maana yapo matatizo mengine yanayofanana nalo. Alama ya kwanza ni hii: chipu iliyofungwa bado inaongea. Kifaa cha kuchomea kinaipata, kinaitambua, kinaweza hata kuisimamisha na kusoma kumbukumbu yake ya muda. Ugomvi unaanza pale tu unapogusa fleshi. Programu ya zamani ya ST kwa ajili ya Windows husema wazi: `Can not read memory! Disable Read Out Protection and retry.`

Kama chipu haipatikani kabisa, yaani kompyuta inasema hakuna kitu upande wa pili, hilo ni jambo lingine. Mara nyingi ni programu iliyomo ndani iliyozichukua pini PA13 na PA14 kwa kazi nyingine, na hizo ndizo pini za mawasiliano ya SWD. Dawa yake ni kuhamisha kijampa cha BOOT0 kwenda 1 na kubonyeza kitufe cha riseti. Hapo chipu inaanza na programu ya kiwandani, ile ya mtumiaji hailali wala haiamki, na pini zinarudi kwenye kazi yake. Na kama kompyuta inalalamika kwamba namba ya utambulisho iliyosomwa ni 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477, basi una chipu ya kuiga. Hilo nalo si kufuli, ingawa chipu ya kuiga pia inaweza kuwa imefungwa.

Kuna njia ya kuuliza chipu yenyewe bila kubahatisha. Ina rejista moja kwenye anwani 0x4002201c inayosomeka hata chipu ikiwa imefungwa, na ndani yake kuna nakala ya hali ya kufuli. Kwa anayetumia OpenOCD, amri ni hii:

```
openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg \
  -c "init; reset halt; mdw 0x4002201c; exit"
```

Kwenye chipu mpya ambayo mipangilio yake haijaguswa, jibu ni `03fffffc`. Ikiwa imefungwa, herufi ya mwisho inageuka kuwa `e`, kwa kuwa biti ya ulinzi wa kusoma imewaka: `03fffffe`. Ikiishia na `f`, biti nyingine ya jirani nayo imewaka, ile inayosema kwamba baiti na mwenzake hazipatani. Huyo ndiye aliyekatiwa umeme katikati. Namba za mbele zinaweza kutofautiana kama aliyekutangulia alibadilisha mipangilio mingine, kwa hiyo macho yawe kwenye herufi ya mwisho.

Sasa tufungue. Tuseme bodi ni yako, umeinunua mpya, na ndani hamna kitu unachokihitaji. Waya ni nne: volti 3.3, ardhi, SWDIO na SWCLK. Vijampa vyote viwili, BOOT0 na BOOT1, viko kwenye 0. Toa amri hii:

```
openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg \
  -c "init; reset halt; stm32f1x unlock 0; exit"
```

Ikifanikiwa, utaona `stm32x unlocked.` na chini yake maelezo kwamba chipu inahitaji kuwashwa upya ili mipangilio mipya ianze kutumika. Ndani ya chipu yametokea mambo mawili. Kwanza baiti za mipangilio zimefutwa zote. Hapo chipu bado imefungwa, kwa sababu baiti ya ulinzi ni 0xFF. Kisha 0xA5 ikaandikwa, na kabla haijakubaliwa, maunzi yenyewe ya chipu yakafuta fleshi yote ya programu. Huo ndio ufutaji wa jumla. Hakuna aliyeuagiza kwa jina, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuuruka. Umefungwa kwenye tendo lenyewe la kufungua, na kazi yote inamalizika katika sehemu ndogo ya sekunde.

Ni kama kasha ambalo ufunguo wake kila mtu anao, ila likifunguliwa linateketeza kilichomo. Mwenye kasha tupu hana cha kupoteza. Mwenye hati za nyumba ndani yake afikirie mara mbili.

Baada ya hapo, ondoa umeme kabisa na uurudishe. Kitufe cha riseti mara nyingine hakitoshi. Kwenye chipu hii, kifaa cha kuchomea kikiwa bado kimeunganishwa, kinachohitajika ni umeme kuzimika kweli. Na hapa watu wengi wanadanganyika: wanachomoa waya wa USB wa bodi huku ST-Link bado inaipa volti 3.3, au huku waya wa mawasiliano ya siriali umeachwa mahali pake na unapenyeza umeme kidogo kupitia pini. Taa ya bodi ikiwa bado inang'aa hata kwa unyonge, chipu haijazimika. Chomoa vyote, subiri kidogo, kisha rudisha.

Sasa soma tena ile rejista. Ukiona `03fffffc`, kazi imekwisha. Unaweza pia kusoma mwanzo wa fleshi kwa `mdw 0x08000000 4`, na utapata `ffffffff` mara nne, ndiyo sura ya fleshi iliyofutwa. Choma programu yako sasa, itaingia.

Asiye na ST-Link hajakwama. Kwa kuwa chipu ina ile programu ya kiwandani isiyofutika, adapta ya kawaida ya USB kwenda siriali inatosha. Unganisha PA9 na PA10 kwenye adapta, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea, weka BOOT0 kwenye 1, bonyeza riseti, kisha:

```
stm32flash -k /dev/ttyUSB0
```

Programu ya kiwandani ikikuta chipu imefungwa, inakataa maombi karibu yote. Kusoma haikubali, kuandika haikubali, kila ombi linajibiwa kwa baiti ya kukataa, 0x1F. Inakubali kujitambulisha na inakubali ombi la kuondoa ulinzi, ambalo nambari yake ni 0x92. Njia ni tofauti na ile ya kwanza, ila gharama ni ile ile: fleshi inafutwa yote, kisha chipu inajiwasha upya yenyewe. Watumiaji wa STM32CubeProgrammer wanapata tendo hilo hilo kwa amri ya `-rdu`.

Hadi hapo tumezungumza na mwenye bodi tupu. Mambo yanabadilika kabisa kwenye meza ya ukarabati. Chukua mfano wa fundi anayeletewa kidhibiti cha mashine ya kutotolea vifaranga. Skrini inasomeka, joto linapanda, lakini mota ya kugeuza mayai haizunguki. Fundi anaiunganisha chipu, anaona imefungwa, na mteja aliyesimama pembeni anasikia neno hilo.

"Fundi, si uifungue tu hiyo?"

"Kuifungua naweza, mama. Ila ikifunguka itakuwa tupu, na programu yake sina."

Hapo ndipo watu wanapoharibu vifaa vya wengine. Programu iliyofutwa kwa njia hii hairudi. Hakuna pipa la taka la kuirejesha, hakuna programu ya kuokoa data itakayoifikia, na mtengenezaji aliyeko nje mara nyingi hajibu barua. Fundi wa mfano wetu alipaswa kwanza kupima transista inayoiendesha mota, na njia yake ya umeme, maana chipu inayoonyesha joto sahihi kwenye skrini ina programu inayokimbia. Hitilafu ya mota iko nje ya chipu karibu kila mara.

Hata mtu aliyepewa faili la programu na mtengenezaji mwenyewe anaweza kupata hasara. Vifaa vingi huhifadhi vipimo vyao katika kurasa za mwisho za fleshi ile ile: mizani huweka namba za kusawazisha uzito, kipima joto huweka marekebisho ya kihisi chake, kifaa cha redio huweka namba yake ya mtandao. Hizi hazimo kwenye faili, kwa kuwa kila kifaa kina zake. Ufutaji wa jumla hauchagui. Mizani itawaka vizuri, itaonyesha namba, na kilo moja ya sukari itasomeka kitu kingine kabisa hadi isawazishwe upya kwa mawe ya kupimia. Kinachobaki salama ni vitu vilivyo nje ya eneo hilo, yaani programu ya kiwandani na namba ya utambulisho ya chipu ya biti 96, ambavyo havifutiki.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wazoefu. Unafungua chipu, unachoma programu, inakimbia, unafurahi. Unarudi kuichoma tena ukiwa na marekebisho madogo, na kufuli limerudi. Mara ya pili, hali ile ile. Hapo usiitafute hitilafu kwenye maunzi. Programu unayoichoma ndiyo inayojifunga. Waandishi wengi wa programu za kibiashara huweka, kwenye mistari ya mwanzo kabisa, kipande kinachoangalia hali ya ulinzi na kuuwasha kama umezimwa, ili kiwanda kisisahau. Njia ya kuthibitisha ni kufungua chipu, kuzima na kuwasha umeme, kisha kusoma rejista kabla ya kuchoma chochote. Ikiishia na `c` wakati huo, na ikageuka `e` baada ya programu kukimbia na chipu kuzimwa na kuwashwa, umempata mhusika. Kama programu ni yako, kizime hicho kipande hadi siku ya kupeleka mzigo sokoni.

Wapo wanaouliza kama kufuli hili haliwezi kupitwa bila kufuta. Kwa aina hii ya chipu, linaweza. Mwaka 2020 watafiti Marc Schink na Johannes Obermaier walionyesha kwamba kwenye STM32F1 jinsi chipu inavyoshughulikia dharura za ndani inaweza kutumika kuvujisha sehemu kubwa ya programu iliyolindwa, ingawa si yote. Udhaifu uko kwenye silikoni, kwa hiyo hauzibiki kwa programu mpya. Kwa fundi wa kawaida hilo halibadilishi kitu, ni kazi ya maabara na uvumilivu. Kwa anayebuni bidhaa linabadilisha mengi: asiweke nywila wala ufunguo wa siri ndani ya STM32F103 akitegemea kwamba ulinzi wa kusoma utamficha.

Na onyo moja kwa yule anayetaka kuhamisha haya kwenye chipu nyingine za familia hiyo hiyo. STM32F103 ina hali mbili tu, wazi na kufungwa, na ndiyo maana kila kosa lililoelezwa hapa lina njia ya kurudi. Aina za baadaye kama STM32F4 zina ngazi tatu. Thamani ya kuwa wazi huko ni 0xAA, si 0xA5, kwa hiyo anayeandika 0xA5 kwa mazoea anaifunga chipu. Hiyo ni ngazi ya kwanza, inafunguka kwa kufuta yote kama tulivyoona. Lakini ukiandika 0xCC umeingia ngazi ya pili. Mlango wa SWD unazimwa moja kwa moja, baiti za mipangilio hazibadiliki tena, na ufutaji wa jumla haupatikani kwa amri yoyote. Programu iliyomo itakimbia hivyo hivyo mpaka chipu inyofolewe kwenye bodi na kuwekwa nyingine.